Bio ya tamasha: anza na lile bango la plastiki

Swali: Sasa dada. Nimechaguliwa kuonyesha picha sita kwa tamasha hapa Nairobi na wanataka bio ya maneno 120 kufikia Ijumaa. Niliwatumia hii: "K. ni msanii mahiri mwenye kipaji cha kipekee, aliyejifundisha mwenyewe. Tangu utotoni amekuwa na shauku kubwa ya sanaa. Kazi zake zinachunguza utambulisho, jamii na maisha ya mjini, na zimegusa nyoyo za wengi ndani na nje ya nchi. Ameshinda tuzo mbalimbali na anaamini sanaa ni sauti ya wasio na sauti." Wakanirudishia wakasema haiwaambii kitu, wanataka stori. Mimi nilikuwa mwandishi wa vibao vya maduka tu, sijasomea sanaa popote. Hiyo stori nitaitoa wapi? K., Kariobangi

Jibu:

Poa sana kaka. Kitu cha kwanza nilifanya, nilichukua hiyo bio nikatoa K. nikaweka jina la jamaa mmoja ninayemjua anachonga mawe ya Kisii, nikaisoma tena. Ikamtosha. Nikaweka la dada mmoja wa taarab Mombasa, na yeye pia ikamkaa vizuri kabisa, kama dera la kukopa. Hapo ndipo shida iko, wala Kiswahili chako hakina neno, kimenyooka. Ni vile ulianza na sifa, na sifa zetu sisi wasanii wote ni zile zile, mahiri, kipekee, shauku, kugusa nyoyo, sasa ukizipanga kwa mstari unapata mtu ambaye hana uso.

Sasa angalia nani anaisoma. Nimehariri programu za matamasha na katalogi za maonyesho hapa mjini miaka kumi na kitu na ninakuambia msomaji wako hajakaa kwa kiti. Amesimama, mkono mmoja ana soda, mwingine ameshika kile kijitabu, mtoto anamvuta, na picha yako iko mita mbili mbele yake. Maneno 120 atayamaliza chini ya dakika moja akipenda, na kama mstari wa kwanza ni "msanii mahiri" hata hafiki wa pili, juu amesoma mahiri wengine kumi na wawili kwa kurasa zilizopita. Anachotaka ni kitu cha kumfanya ainue macho aangalie ukuta.

Ndio maana nilikuomba namba nikakupigia, na unikubalie niweke hapa tuliyoongea, juu hayo mazungumzo ndiyo jibu lenyewe. Msanii akiniambia hana stori huwa simuulizi stori, nikimuuliza hivyo ananipa hotuba. Namuuliza mikono. Unashika nini ukiwa kazini, ulikinunua wapi, nani alikushikisha mara ya kwanza, na lini ilikuwa mara ya mwisho ukalipwa kwa ile kazi ya zamani. Wewe ulianza kwa kusema "ah, nilikuwa naandika tu vibao". Nikakuuliza vibao gani. Ukanitajia bucha, hoteli, kinyozi, duka la dawa, ubavu wa lori za mchanga. Nikauliza ulianza lini, ukasema 1998, Gikomba, kwa fundi mmoja mkali ambaye mwaka mzima wa kwanza hakukuruhusu kuandika herufi hata moja, kazi yako ilikuwa kushika ule uzi wa chaki upande mmoja, yeye anauvuta kutoka upande ule mwingine, anauachilia tap! na mstari unabaki kwa ukuta. Mwaka mzima wa tap, tap. Hiyo ukaniambia ukicheka, na haukuwa umeiweka kwa bio, uliweka "shauku kubwa tangu utotoni".

Na hapo hapo kuna kitu kingine kilinirukia nikaona lazima nikuzuie. Kama ulikaa na fundi, basi "aliyejifundisha mwenyewe" ni uongo. Najua hukuwa na nia mbaya, sisi hapa tumezoea kwamba kama hukuenda chuo basi ulijifundisha, lakini wewe ulifundishwa tena kwa miaka minne, na mtu ambaye yuko hai. Hiyo sentensi inamfuta yeye, na inakupunguza na wewe pia, kwa sababu mtu akiangalia herufi zako anaona mkono uliofunzwa, vile herufi O inaanza nyembamba inanenepa inarudi kuwa nyembamba, hiyo haiji tu na kipaji. Msomaji ataona bio inasema kitu kimoja na ukuta unasema kingine, na akishashuku moja atashuku yote.

Turudi kwa simu. Nikauliza kibao cha mwisho cha kulipwa kilikuwa lini. Ulinyamaza kidogo. Ukasema ni cha bucha hapo Kariobangi, na mwaka uliukumbuka juu hiyo pesa ndiyo ilinunua yunifomu mtoto akiingia darasa la kwanza, kwa hivyo Januari 2013. (Hiyo njia ya kukumbuka mwaka mimi naipenda sana, mtu akikuambia "kama 2010 hivi" muulize mtoto alikuwa darasa gani, nyumba gani mlikuwa mnakaa, uchaguzi gani ulikuwa umepita, utapata mwaka kamili.) Nikauliza kwa nini kikawa cha mwisho. Na hapo ndipo ukatoa dhahabu na hukujua. Ukasema zile mashine za kuprinti mabango ya plastiki zilikuwa zimejaa River Road, kibao chako kilichukua siku tatu na mwenye bucha mwingine jirani akaenda mjini asubuhi akarudi jioni na bango limekauka, lina picha ya ng'ombe ya rangi zote, na alilipa chini ya nusu ya bei yako.

Halafu? Halafu ukakaa miaka minne ukipaka rangi nyumba za watu na mageti. Halafu uchaguzi wa Agosti 2017 ukaisha na mabango ya kampeni yakabaki yananing'inia kwa nguzo kila mahali, yanapigwa na upepo, na siku moja ukashusha moja kufunika kuku, ukaona ule upande wa nyuma ni mweupe, safi, hauna kitu. Ukachukua brashi.

Kaka, unaona? Kitu kilichokunyang'anya kazi ndicho unachochorea sasa. Hiyo ndiyo stori, na sikuipamba hata kidogo, ilikuwa imekaa tu hapo. Wakati tamasha linakuambia "tupe stori" halitaki utunge, halitaki machozi pia, linataka ile kona moja ambapo kazi yako iligeuka, na sababu ya kugeuka, na matokeo ambayo mtu anaweza kuyaona kwa macho yake pale pale. Yako ina hivyo vitu vitatu vyote. Msomaji akimaliza kusoma atasogea karibu, ataangalia pembeni mwa picha aone kama kweli ni bango, na atayakuta yale matundu ya kamba. Akishayaona hayo matundu haulazimiki tena kumwambia kazi yako ni ya kipekee, atajiambia mwenyewe.

Sasa zile sentensi zako zingine, tulizipitia moja moja na hapa nataka nikuonyeshe venye nafanya, juu utaandika bio nyingi bado. Kila sentensi naiuliza swali moja la kijinga tu: wapi, lini, ngapi? "Ndani na nje ya nchi." Nje wapi? Ukaniambia kuna mgeni alinunua picha mbili akaenda nazo kwao. Nchi gani hujui. Hiyo inatoka, kuuza ni kuzuri lakini si maonyesho. "Tuzo mbalimbali." Ngapi? Moja. Nafasi ya pili, mashindano ya vijana wa mtaa, 2019, kwenye ukumbi wa kanisa, na zawadi ilikuwa rangi na brashi. Mimi sina shida nayo, ungeweza kuiandika hivyo hivyo ilivyo na ingependeza kuliko "mbalimbali", lakini kwa maneno 120 haina nafasi, stori yako haiihitaji. "Zinachunguza utambulisho." Hapa nilikuuliza picha sita ni za nini na ukanijibu bila kufikiria: ni maduka niliyoyaandikia vibao, na vibao havipo tena. Si ndio hiyo! Mtu akisikia hivyo utambulisho na jamii na mjini vyote vimeingia bila kutajwa.

Na ile ya "sauti ya wasio na sauti" naomba tu uiache. Ina heshima yake lakini imetumika hadi imechakaa, na mwenye bucha wa Kariobangi ana sauti, unamjua.

Kuna neno ambalo hukulitumia lakini nakuonya nalo mapema, "wa kwanza" ama "pekee". Hilo lilinichoma mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilihariri programu ya tamasha moja hapa, kuna mwanamuziki dada anayepiga nyatiti, bio ikaja imeandikwa "mwanamke pekee anayepiga nyatiti nchini". Nyatiti unajua kwa desturi ilikuwa ya wanaume, kwa hivyo niliona inaingia akilini, nikaipitisha, ikachapwa. Jumamosi alasiri, mstari wa pili mbele ya jukwaa, kuna mwanamke mwingine anapiga nyatiti, amekuja kuangalia, ameshika programu yetu, ameifungua ukurasa huo. Hakusema kitu. Aliniangalia tu. Mimi ndiye nilikuwa nimesimama na kadi ya wafanyakazi shingoni. Tangu siku hiyo "pekee" nikiiona naikata hata kabla sijauliza, juu kuithibitisha unahitaji kuwajua wote wengine, na nani anawajua wote? Badala yake tungeandika tu anafanya nini na hicho chombo: kina nyuzi nane, ana pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anagonga nayo mbao ya nyatiti akipiga, njuga zimefungwa mguuni, na nani alimkubali kumfundisha. Huyo hangefanana na mtu mwingine yeyote, na hakuna ambaye angekasirika.

Wanamuziki kwa ujumla, nipitie hapo haraka maana najua wanasoma pia, ugonjwa wao ni "anachanganya midundo ya asili na ya kisasa". Hiyo sentensi benga ingeweza kuidai tangu mwanzo kabisa, magitaa yaliiga mdonoo wa nyatiti tangu hiyo miaka ya 50 na 60, kwa hivyo ukisema unachanganya hujasema kitu. Sema gitaa lako linafuata uzi upi, sema nani anashika besi, sema wimbo mmoja wa usiku huo ulitoka wapi. Basi.

Kuhusu yale mambo makubwa, ukiwa nayo siku moja, hayo nayo yanakaa vizuri zaidi yakiwa uchi. Angalia Wajukuu, kikundi cha wasanii cha hapa Mukuru. Mwaka 2022 walialikwa documenta, yale maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel, Ujerumani, wakafunika lango la lile jumba la documenta Halle kwa mabati, ukiingia ni kama unaingia njia ya mtaani, na mwaka huo wakapewa tuzo ya Arnold Bode. Sasa hapo ongeza "kikundi mashuhuri kimataifa" uone venye inaharibu. Jina la mahali, mwaka, mabati. Msomaji anajua mwenyewe umbali wa kutoka Mukuru hadi Kassel.

Haya. Nilikaa nikaandika rasimu ya kwanza na nikaikosea, nikuambie nilikosea wapi. Niliweka kila kitu. Niliweka kuku, yunifomu ya mtoto, mageti, na niliweka ile ya rangi ambayo mimi binafsi naipenda sana, kwamba mwanzo ulijaribu rangi ya mafuta ile ile uliyozoea ya vibao na kwa plastiki ikakataa kukauka, wiki tatu ukigusa bado inanata kidoleni, hadi ukaharibu mabango manne, juu ile dawa inayotiwa kwenye plastiki kuifanya iwe laini inatoka taratibu inaingia kwa rangi, na ndio ukahamia akriliki baada ya kusugua bango na msasa laini na kulifuta vizuri. Hiyo ni tamu, na mchoraji mwenzako angeisoma mara mbili. Lakini ilifika maneno 190 na ikawa na vichwa viwili, mtu hajui kama hii ni stori ya rangi ama ya kazi iliyopotea. Nikaitoa. Iweke kwa mazungumzo na wageni, ama kwa kile kikaratasi cha kubandika kando ya picha, hapo watu wanataka kujua ni rangi gani. Kuku pia nikamtoa, ingawa aliniuma, juu kuku anachekesha na watu wangekumbuka kuku kuliko kibao.

Nilitoa pia mahali ulikaa utotoni. Uliniuliza kama tuweke kwamba ulilelewa kwa chumba kimoja na maisha yalikuwa magumu. Mimi maoni yangu ni haya, na kuna wahariri watanibishia: shida iingie kama inaeleza kitu kilicho kwa ukuta. Kukosa kazi kwa sababu ya mashine kunaeleza bango, kwa hivyo kunaingia. Chumba kimoja hakielezi bango. Ukikiweka, unamwomba msomaji huruma kabla hajaona picha, na kuna matamasha yanapenda hivyo sana kwa sababu wageni wanapenda, lakini wewe ndiye utasimama kando ya hiyo picha siku tatu ukiulizwa maswali ya chumba.

Hii hapa ndiyo ningetuma:

"Kwa miaka 15 kazi ya K. ilikuwa kuandika vibao: bucha, hoteli, kinyozi, ubavu wa lori. Alifundishwa na fundi wa Gikomba ambaye kwa mwaka wa kwanza hakumruhusu kuandika herufi hata moja, ila kupiga mistari ya chaki tu. Kisha mashine za kuprinti mabango ya plastiki zikaja mjini, na 2013 akaandika kibao chake cha mwisho cha kulipwa, cha bucha moja Kariobangi. Baada ya uchaguzi wa 2017 alianza kuokota mabango ya kampeni yaliyoachwa kwenye nguzo na kuchora upande wa nyuma. Picha sita za maonyesho haya ni za maduka ambayo vibao vyake aliviandika yeye na sasa havipo. Herufi zote zimeandikwa kwa mkono, bila stensili. Ukisimama karibu na picha ya bucha, pembeni utaona matundu ambayo bango lilifungiwa kwa kamba. Karakana yake iko Kariobangi."

Ni maneno 117, nimehesabu. Weka jina lako kamili pale kwa K., ukiongeza jina la pili bado uko ndani ya 120.

Angalia hakuna sifa hata moja mle. Hakuna "alipenda" wala "aliamini", kila kitendo ni cha mkono, kuandika, kupiga mistari, kuokota, kuchora, na sababu haijatajwa kwa jina, sikusema "kwa sababu hiyo" ama "hii ilimpa msukumo", mashine zilikuja, kibao cha mwisho, uchaguzi, nyuma ya bango. Msomaji anaunga mwenyewe. Ukiunga wewe kwa maneno, kama "hivyo akageuza machungu kuwa sanaa", umemnyang'anya kazi yake na umerudi pale pale kwa kukopa dera.

Mpangilio pia si bahati. Yule anayepanga kurasa akikosa nafasi huwa anakata kutoka chini, hakuulizi, saa nyingine ni usiku wa manane na mtu wa uchapaji anasubiri. Kwa hivyo ya mwisho kabisa ni karakana, ikikatwa hakuna kilio. Ya matundu ikikatwa inauma lakini stori inasimama. Na wakikuandikia Alhamisi usiku kwamba nafasi imepungua wanataka fupi, usianze kuandika upya, chukua sentensi ya kwanza, ya tatu na ya nne, ziunganishe kama zilivyo, ni maneno 55 na stori iko kamili, fundi tu ndiye anabaki nje. Kwa emsii anayekutambulisha kwa maiki mpe mstari mmoja wa kusema kwa pumzi moja: "Alikuwa anaandika vibao vya maduka, siku hizi anachora nyuma ya yale mabango ya plastiki yaliyomnyima hiyo kazi." Msomee mwenyewe kwa sauti kabla hujampa. Bio yote isome kwa sauti, kwa kweli, mahali ulimi unajikwaa ndipo mahali emsii atajikwaa mbele ya watu.

Kama watataka na ya Kiingereza, na hapa Nairobi mara nyingi watataka, andika hii ya Kiswahili kwanza uiridhie ndipo mtu akutafsirie, na mwambie bucha na kinyozi na Gikomba vibaki na uzito wao, asije akaniwekea "biashara ndogo ndogo za mtaani". Nimeona mara nyingi mtu ana bio nzuri ya Kiswahili, ikirudi kutoka kwa mtafsiri imeota "mahiri" tatu. Ukiona sifa imechipuka hapo, ing'oe.

Kuna kitu kimoja cha kuwa mwangalifu. Upande wa mbele wa hayo mabango kuna nyuso za wanasiasa, na umeniambia mbili kati ya hizo sita ni za watu ambao bado wako kwa siasa. Kwa bio tumesema tu "mabango ya kampeni" na ibaki hivyo, usitaje chama wala jina, sio kwa uoga, ni kwa sababu stori itahamia kwao mara moja na hutaisikia ya bucha tena. Lakini mwambie msimamizi wa maonyesho sasa, kabla hajatundika, juu kama picha itaning'inizwa katikati ya ukumbi badala ya kuegemezwa ukutani, watu watazunguka nyuma na nyuso zitaonekana. Labda atapenda. Labda mdhamini hatapenda. Afadhali mjadala huo uwe Jumatano kuliko siku ya kufungua.

Na ile "bila stensili" niliiandika kwa sababu uliniambia hivyo kwa simu, lakini baadaye ukanitumia picha za kazi kwa wasapu na ile ya kinyozi, zile namba za bei pembeni, naona zimelingana sana hadi nikashuku. Kama hata moja ilipigwa stensili toa hayo maneno mawili, "zimeandikwa kwa mkono" inatosha. Ama kama hata hiyo ina shaka, toa sentensi nzima, bio haitakufa.

Kilichobaki ni fundi wako. Umesema alirudi Machakos na simu yake unayo. Mpigie leo kabla hujatuma, umwambie atatajwa, hata kama ni bila jina, umuulize kama angependa jina liwekwe, maneno matatu manne ya kuongeza tutayapata kwa kutoa karakana. Na umuulize kama kweli ilikuwa mwaka mzima ama ilikuwa miezi minane na wewe ndiye uliona mrefu, juu huyo mzee akisoma mahali tumekosea atakupigia mbele ya watu.